Siku moja maishani mwangu: baka la shavuni

Saa 2 asubuhi. Mgonjwa wa kwanza kliniki ya ngozi ni mzee mwenye madoa ya jua usoni na mikononi. Yako mengi, yote bapa, kila moja lina kahawia ya aina moja na ukingo unaoonekana wazi, na yote yanafanana. Hayahitaji dawa. Namruhusu.

Saa 4. Anaingia mama wa miaka 74, mwenye ngozi nyeupe, akisindikizwa na binti yake. Shavu la kushoto lina baka la kahawia, bapa, lisilouma wala kuwasha. "Ni uzee tu, daktari," ananiambia. Binti anafungua picha za zamani kwenye simu. Miaka sita iliyopita lilikuwa kidoa tu. Leo napima milimita 18. Limetambaa kuelekea chini ya jicho, na upande mmoja umeingia weusi. Madoa mengine ya uso wake hayafanani nalo, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Nashuku melanoma, yaani saratani ya seli za rangi ya ngozi. Aina hii ya usoni huenda polepole kwa miaka, kwa hiyo watu wa nyumbani hulizoea baka wasione kwamba linakua.

Naliangalia kwa darubini ya ngozi. Kuna vinukta vya kijivu kuzunguka vitundu vya vinyweleo, vizito upande mmoja. Dalili hiyo ni mbaya, ila haitoshi kuhukumu, maana hata doa la jua linalofifia lenyewe huweza kuonyesha kijivu.

"Jirani alisema lichomwe kwa leza," anasema mama.

"Hapana, mama. Leza ingeondoa rangi na kuziacha seli chini. Kwanza tujue ni nini."

Saa 6. Nalipiga picha pamoja na rula, nachoma sindano ya ganzi, kisha nakata kipande kipana na chembamba. Sampuli ya kitundu kimoja kidogo ingeweza kuangukia sehemu isiyo na ugonjwa, kwani doa la jua na melanoma huweza kukaa ndani ya baka moja. Kipande kinaingia kwenye formalini. Kwenye fomu naandika umri, mahali na jinsi lilivyokua. Ngozi iliyopigwa jua miaka mingi huwa na seli za rangi nyingi hata ikiwa nzima, na bila maelezo hayo mtaalamu wa patholojia, anayekichunguza kipande maabara, anaweza kuyumba.

Saa 9 alasiri. Yamefika majibu ya mgonjwa mwingine, mzee aliyekuwa na baka kama hilo: ni melanoma, ila bado iko tabaka la juu la ngozi. Anauliza kama imesambaa. Namweleza kwamba ikiwa bado tabaka hilo, haijafikia mishipa ya damu wala ya limfu. Tutakata milimita 5 hadi 10 nje ya rangi inayoonekana, kwa sababu seli huvuka mpaka wa rangi. Kwa kuwa liko karibu na jicho, tutakata kwa awamu, na kidonda hakitashonwa hadi maabara ithibitishe kingo ni safi. Anaomba tuanze wiki ijayo. Naandika tarehe.