Ada ya binti: kwa nini nilikopa laki moja badala ya laki saba

Binti yangu alipopata nafasi ya kidato cha kwanza katika shule binafsi ya bweni, fomu ya kujiunga ilisema ada ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, nusu ilipwe Januari na nusu Julai. Mkononi nilikuwa na 500,000. Pengo lilikuwa laki saba.

Nilianzia benki. Afisa mikopo aliniambia riba ni asilimia 18, marejesho miezi 12. Nikamwuliza: inapigwa kwenye mkopo wote, au kwenye salio linalopungua? Swali hilo lina uzito. Ikipigwa kwenye mkopo wote, riba ya laki saba ni 126,000. Ikipigwa kwenye salio, ni kama 70,000. Yao ilikuwa ya salio, rejesho 64,000 kwa mwezi. Ila ada ya mkopo na bima, jumla 21,000, zingekatwa kabla sijashika fedha, kwa hiyo ningepokea 679,000 huku nikidaiwa 700,000.

Hata hivyo si riba iliyonirudisha nyuma, ni Julai. Kwenye mishahara yetu, mimi na mume wangu tunaweza kutenga 220,000 kwa mwezi. Tukitoa rejesho zinabaki 156,000, na kwa mishahara sita ni 936,000. Julai shule ingetaka 1,200,000, nasi tungekopa tena juu ya deni.

Basi mwanzoni mwa Desemba, kabla wazazi hawajajazana ofisini, nikaenda kwa mhasibu wa shule. Sikuomba kupunguziwa. Nilimwonyesha hati za mshahara, nikapendekeza awamu nne za 600,000: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Mkuu wa shule alikubali. Niliomba barua yenye tarehe, kiasi na mhuri, maana siku ya kufungua shule anayekagua risiti getini si yule mliyeelewana naye. Na kweli mwalimu wa zamu alitaka kumzuia binti kwa kuwa hajalipa nusu. Alipoisoma barua, akampitisha.

Sasa Januari pengo likawa laki moja tu. Nikampigia dada.

"Dada, naomba unikopeshe laki moja. Aprili mwanzoni nakupa elfu sitini, Julai elfu arobaini."

"Hiyo ninayo mdogo wangu, ila Julai usinipitishe, nami nina mtoto wa kulipia."

Laki saba nisingethubutu kumwomba, maana Januari kila ndugu ana ada yake. Laki moja yenye tarehe aliweza kuitoa bila kujibana.

Mishahara mitatu ilitupa 660,000: laki sita zikaenda shule, elfu sitini kwa dada. Julai nikammalizia arobaini zake. Stakabadhi za benki nilizipeleka kwa mhasibu kila awamu nikachukua risiti ya shule, kwa sababu malipo ya Aprili yalikuwa hayajaandikwa kwenye daftari lao hadi nilipoonyesha stakabadhi.