Namba Kwenye Milango

Mwaka 2004 mama alipata uhamisho kutoka Mafinga kwenda kufundisha Mbeya mjini. Baba alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha chai huko Mufindi, na kazi ya kufunga mizigo aliichukua yeye, hakutaka mtu aiingilie.

Jambo la kwanza alilofanya halikuhusu maboksi. Mama alikuwa ameshaiona nyumba tuliyopangiwa kule Forest, basi baba akamketisha mezani amchoree. Mlango wa mbele unaingilia sebuleni, sebule inatoka kwenye korido, korido ina chumba cha wazazi, kisha chumba chetu watoto, na mwisho kabisa jiko lenye mlango wa kutokea uani. Baba akaandika 1 kwenye jiko, 2 kwa watoto, 3 kwao, na 4 sebuleni.

"Baba Neema, kwa nini sebule iwe ya mwisho, na wageni huanzia hapo?" mama akauliza.

"Kwa sababu ndiyo njia. Ukiijaza kwanza, mizigo ya ndani itapita wapi?"

Kwenye lori mambo hugeuka: kinachopakiwa mwisho ndicho kinachoshuka kwanza. Kwa hiyo tulianza kufunga namba 4. Vitabu vya mama viliingia kwenye maboksi madogo ya sabuni, kwa kuwa boksi kubwa likijazwa vitabu linapasuka kitako mtu akilinyanyua. Jikoni tulifunga mwisho, na hilo lilitufaa mara mbili, maana tuliendelea kupika mpaka asubuhi ya safari, na glasi zilizozungushiwa khanga hazikulaliwa na mzigo wowote.

Kila boksi liliandikwa kwa maka peni, namba ya chumba ikiwa kubwa kama kiganja, na chini yake namba ya boksi lenyewe: "1 – JIKO, boksi la 6 kati ya 9". Hatukuandika juu, kwa sababu maboksi yakipangwa moja juu ya jingine huoni kitu. Tuliandika ubavuni, pande mbili zinazokutana kwenye kona. Vilivyomo ndani viliandikwa kwenye daftari tu. Baba alisema mbebaji hahitaji kujua kama ndani kuna sahani. Anahitaji kujua aende mlango upi.

Mpango huo haukuweza kushika kila kitu. Friji na magunia ya mahindi vilikuwa vya jikoni, lakini uzito ule usingekaa juu wala nyuma ya Fuso. Vikawekwa chini, mbele karibu na kichwa cha gari, pamoja na makochi ya sebuleni. Baba alikwisha kuamua vingeshuka mwisho na kuzungushwa kwa mlango wa uani, ili visipite kwenye korido. Magodoro yalipakiwa na namba za vyumba vyake. Mablanketi, tochi, sufuria moja na unga tulisafiri navyo mbele kwa dereva, havikupewa namba.

Mvua ilitukuta Igawa, na tulipofika Uyole giza lilikuwa limeshaingia. Nyumbani umeme ulikuwa umekatika. Kabla utingo hajafungua turubai, baba aliingia na tochi akabandika karatasi kwenye kila mlango, namba zilezile za kwenye mchoro. Vijana wa kubeba walipatikana pale mtaani, hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia nyumba ile. Wa kwanza aliuliza, "Mzee, hili linaenda wapi?" Baba akamulika ubavu wa boksi, kisha akamulika korido. Baada ya hapo sikusikia tena swali hilo. Jiko likajaa, kikafuata chumba chetu, na korido ikabaki wazi. Mama alikuwa tayari anasonga ugali wakati vitabu vyake vikishushwa sebuleni.

Mimi nilishika daftari mlangoni, nikitia alama kila boksi lilipopita. Makochi yalipokwisha kuingia na friji kuzungushwa uani, alama za jikoni zilikuwa nane. La 6 halikuwapo. Lori lilikuwa tupu, na dereva alitaka kuondoka.

"Subiri kidogo, kaka," baba akamwambia, akaingia jikoni, akahesabu maboksi bila kujali maandishi. Yalikuwa tisa. Moja lilikuwa limesukumwa kwenye kona, pande zake mbili zilizoonekana hazina kitu. Mdogo wangu alikuwa ameliandika upande mmoja tu, na upande huo sasa ulikuwa umeelekea ukutani. Hata lilipopita mlangoni haukunielekea, ndiyo maana sikuona namba. Aliyelibeba alikuwa ameona tu wenzake wakielekea jikoni, akafuata. Baba akaligeuza, akaniita nitie alama, ndipo akamlipa dereva.