Herufi tatu nyuma ya picha: nilivyotenganisha Lindi na Mikindani

Picha yenyewe ilikuwa ndogo, sentimita 6 kwa 9, ya mwanamume aliyeketi kitini akiwa na kanzu na koti, mwanamke amesimama pembeni yake, na mtoto katikati yao. Waliokuwa nayo hapa Lindi walijua tu kwamba ilitoka kwenye kasha la marehemu mmoja, na wakaamini ilipigwa Lindi kwa sababu nyuma yake palikuwa na mhuri wa mpira wa wino wa zambarau uliosomeka "IND". Mstari wa juu ulikuwa umebaki neno STUDIO tu. Wa chini ulisomeka vizuri: T.T.

Hizo T.T. ni Tanganyika Territory, jina lililotumika kuanzia 1920 hadi uhuru wa 1961. Mhuri wenye D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika, ni wa enzi za Wajerumani, na ulioandikwa Tanzania hauwezi kuwa umetengenezwa kabla ya mwisho wa 1964. Lakini kipimo hiki kinakwenda upande mmoja tu: kinakuambia mhuri haukuchongwa kabla ya lini. Mpira hauharibiki siku bendera inapobadilishwa, na mwenye studio hatupi mhuri mzima kwa sababu ya herufi mbili. Kwa hiyo T.T. niliichukua kama dalili, si tarehe.

Tatizo lilikuwa IND. Ukiandika LINDI, herufi hizo tatu zinakaa karibu katikati, L kushoto na I kulia. Ukiandika MIKINDANI, zinakaa katikati vilevile, herufi tatu mbele na tatu nyuma. Mhuri uliopangwa katikati hauwezi kukuambia ni mji upi kwa kutazama tu pale IND ilipoangukia chini ya neno la juu. Lazima upime upana.

Nilipima kwa rula ya chuma chini ya kioo cha kukuzia. IND peke yake ilikuwa na milimita 7. Kwa ukubwa huo wa herufi, LINDI ingekuwa na kama milimita 12 kwa jumla, maana yake mwandiko ungeisha milimita 3 tu kushoto kwa I na chini ya milimita 2 kulia kwa D. MIKINDANI ingefika milimita 22 au 23, yaani karibu milimita 8 zaidi kila upande. Swali likawa dogo na la wazi: kuna wino wowote milimita 8 kutoka kwenye IND?

Kwa macho hapakuwa na kitu. Wino wa zambarau wa mihuri hupauka kwa mwanga na huyeyuka kwa maji, na karatasi iliyokaa pwani huwa imeshageuka manjano. Hapo usijaribu kulowesha, usipitishe penseli juu yake, wala usipake chochote. Niliipitisha picha kwenye skana kwa rangi, nukta 1200 kwa inchi, si kwa nyeusi na nyeupe, kisha nikaifungua kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, na kufuata njia hii:

```
Colors > Components > Extract Component... > RGB Green
Colors > Levels...
```

Sababu ni rahisi. Zambarau hunyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo kwenye sehemu ya kijani wino hafifu huonekana mweusi kuliko kwingine. Umanjano wa karatasi huonekana zaidi kwenye sehemu ya bluu, na huko ndiko usikotaka kwenda. Kwenye Levels nilisogeza vishale viwili vya pembeni viikaribie milima ya chati, polepole. Ukivisukuma sana, madoa ya ukungu nayo yanaanza kufanana na herufi, na mtu anayetaka kuona L ataiona L. Kinga yangu ni kuandika kwanza kwenye karatasi ninachotarajia kukuta na mahali pake kwa milimita, ndipo nifungue faili.

Upande wa kushoto, milimita 8 kutoka kwenye I, kulikuwa na mstari wima na ulalo wake ukiteremka: mguu wa kwanza wa M. Upande wa kulia kulikuwa na vijiti viwili hafifu pale N ya mwisho ilipopaswa kuwa. Mikindani, basi.

Ningeweza kuishia hapo, lakini mhuri unamtaja aliyetoa nakala, si lazima aliyepiga. Watu wengi walipeleka picha kuukuu studio ikapigwe upya, na nakala ikagongwa mhuri wa studio ya pili. Nilitazama mambo mawili. La kwanza, karatasi. Nyuma palikuwa na neno Velox kwa rangi ya kijivu hafifu, karatasi ya Kodak ya kuchapa kwa kugusanisha na negativi, na ukubwa wa 6 kwa 9 ni ule ule wa negativi ya filamu ya 120. Nakala ya picha ya zamani mara nyingi huja kwenye karatasi mpya kuliko nguo za waliomo. Kama ungekuta kanzu na koti la namna hiyo kwenye karatasi iliyopakwa plastiki, ambayo ilianza kuenea miaka ya 1970, ungejua ni nakala. Karatasi hiyo utaitambua kwa ukingo uliochanika, unaoonyesha utando mwembamba, na kwa mhuri uliochafuka kwa sababu wino haukupata pa kuzama.

La pili ni pembe. Picha iliyopigwa juu ya picha nyingine huwa na kivuli chembamba cha ukingo wa ile ya kwanza, au vichwa vya pini nne, na nyuso hupoteza vitu vidogo: kope, ushonaji wa kofia. Hapa kofia ilionekana uzi kwa uzi. Ilikuwa picha ya kwanza.

Sasa pazia la nyuma. Lilikuwa limechorwa ngazi yenye nguzo fupi fupi na mnazi upande mmoja. Mchoro wa namna hii hauthibitishi studio, kwa kuwa fundi mmoja aliweza kuchora mapazia ya studio kadhaa, na studio ikifungwa pazia huuzwa. Kinachotambulisha pazia ni majeraha yake. Hili lilikuwa na kiraka cha pembe nne juu ya ngazi ya tatu, mstari wa kukunjwa uliopita kati ya nguzo ya pili na ya tatu, na tone la rangi lililochuruzika kwenye shina la mnazi. Alama tatu za aina hiyo zikikaa mahali pale pale, ni kitambaa kilekile.

Nililinganisha na picha kumi na moja za studio nilizoruhusiwa kupiga kwa simu katika nyumba za Mtwara, Mikindani na Newala. Zilizogandia kwenye vioo vya fremu sikuzibandua. Nilizipiga kupitia kioo, simu ikiwa imeinama kidogo ili mwanga wa dirisha usirudi. Picha mbili zilikuwa na pazia hilo. Moja nusura niikatae, kwa sababu kiraka kilikuwa upande wa pili. Ndipo nikasoma kanga ya mwanamke: maandishi yalikuwa yamegeuka kama kwenye kioo. Negativi ilichapwa kinyume. Nikaigeuza kwenye simu, na alama zote tatu zikaangukia mahali pake. Kanga, vifungo vya shati na saa ya ukutani vitazamwe kwanza, kabla hujasema pazia si lenyewe.

Picha hiyo iliyogeuka ilikuwa na mhuri wa Mtwara na pazia lina viraka viwili, cha pili kikiwa chini ya mnazi. Picha yetu ina kimoja. Kiraka huongezeka, hakipungui, kwa hiyo ya Mikindani ni ya mapema. Hilo linakubaliana na historia ya mji: Mtwara ilikua baada ya mpango wa karanga ulioanza 1947 na bandari yake mpya, na kitambaa kuhama Mikindani kwenda Mtwara ni jambo linaloeleweka kuliko kinyume chake. Kama kilihama na mwenyewe au kiliuzwa, pazia halisemi.

Picha ya pili ndiyo iliyofungua mlango wa familia. Ilikuwa Newala, na nyuma ilikuwa na namba 215 kwa penseli. Yetu ilikuwa na 214, kwa mwandiko uleule. Namba mfululizo peke yake haitoshi, maana daftari la studio huweza kuanza upya kila mwaka. Lakini kiti kilikuwa pale pale, mguu wake wa kushoto ukigusa ua lilelile la mkeka, na mkunjo wa pazia kwenye sakafu ulikuwa na umbo lilelile. Pazia likishushwa na kupandishwa tena, mkunjo wa chini haurudii. Ni siku moja, pengine muda uleule. Na wanawake wa picha zote mbili walivaa kanga ya sampuli moja, kama sare.

Koti nusura linipoteze. Mwanamume wa 215 alivaa koti lilelile, na nilikuwa nimeshaandika "ndugu?" pembeni ya namba. Bibi mwenye picha alinisahihisha. Nilimwamkia, nikampa ile ya 214 bila kutaja mji wala jina, nikamuuliza anaona nini.

"Koti hilo la studio, mjukuu wangu," alisema. "Kila aliyeingia alivalishwa. Mtazame mtoto, ndiye namjua."

Akamtaja mtoto kwa jina, na jina hilo lilikuwa la marehemu mwenye kasha la Lindi. Sikuwa nimelitamka. Ukimwuliza mzee "huyu si fulani?", atakubali kwa adabu, na hutajua tena lipi ni lake na lipi ni lako. Walikwenda Mikindani kwenye harusi, akasema, wakitokea Newala. Kwa hiyo mhuri ulitoa mji wa studio, na familia haikuwa ya mji huo wala wa Lindi.

Kwenye kasha hilo hilo kulikuwa na picha nyingine iliyobandikwa kwenye kadi ngumu yenye jina la studio ya Zanzibar limebonyezwa chini kulia bila wino. Maandishi ya namna hiyo husomwa gizani, tochi ikilazwa mezani ili mwanga upite juu ya kadi kwa ubavu. Lakini pembeni mwa picha kulikuwa na ukanda wa kadi safi, usiopauka, wenye upana wa milimita 4 pande tatu, na alama ya gundi kuukuu. Kadi hiyo ilibeba picha kubwa zaidi kabla ya hii. Jina la Zanzibar nimeliandika kwenye kumbukumbu kama la kadi, na mahali pa studio ya picha nimepaacha wazi.