Tangazo la chakula cha mchana: nilivyoacha kuahidi pweza ambaye bado yumo baharini

Mkahawa wangu uko Kikwajuni, mjini Unguja, una meza tatu na jiko la uani, na wateja wangu wengi si wale wanaokaa mezani bali ni wafanyakazi wa ofisi za Vuga na Mnazi Mmoja, ambao huagiza kwa simu na kupelekewa. Kwa hiyo tangazo ninalolituma kila asubuhi kwa WhatsApp ndilo mlango wangu wa mbele. Nilichukua takriban mwaka mzima kujua namna ya kuliandika, na nilianza kujifunza siku niliyotangaza pweza na kukosa pweza wa kupika.

Wakati ule nilikuwa nikiandika tangazo usiku, baada ya Isha, kwa sababu ndio muda niliokuwa na nafasi. Niliandika: "Kesho wali wa nazi na mchuzi wa pweza, karibuni nyote," nikaweka picha nzuri niliyoipiga wiki iliyotangulia, nikalala. Asubuhi nikakuta oda 23. Nilipofika soko la samaki la Malindi, pweza waliokuwapo mnadani walikuwa wachache na wadogo, na wachuuzi wakubwa walikuwa wamekwisha kuwapandisha bei nisiyoweza kuifikia. Nilirudi na jodari. Wapo waliokubali, lakini oda tisa zilifutwa, na dada mmoja wa ofisini aliniambia kwa upole kwamba yeye alikuwa amewaagizia wageni wake na kuwaambia kabisa watakula pweza.

Kosa halikuwa la soko. Pweza wetu wengi huchukuliwa miambani watu wakiwa kwa miguu, maji yanapotoka sana, yaani siku za bamvua, ambazo hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu kwa siku moja au mbili. Katikati yake, kiasi cha tarehe saba na tarehe ishirini na mbili za mwezi wa Kiislamu, ni maji mafu: mwamba haufunuki vya kutosha, na wanaopata pweza ni wazamiaji zaidi. Siku ile ilikuwa ya maji mafu, na isitoshe upepo wa kusi ulikuwa ukivuma. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani kwangu ingeweza kunieleza hayo kabla sijagusa simu. Tangu hapo siku za pweza huzipanga kwa kuitazama kalenda hiyo, lakini hata siku ya bamvua sitangazi mpaka pweza wawe kwenye ndoo yangu.

Utaratibu ukawa hivi. Saa 1:00 asubuhi niko mnadani, saa 2:15 nimerudi, na tangazo hutoka saa 2:30. Kati ya kurudi na kutangaza kuna robo saa ya kupiga hesabu, na hesabu hiyo ndiyo inayonipa bei na idadi ya sahani. Nitaieleza ya Jumanne moja kama nilivyoiandika kwenye daftari.

Nilinunua pweza kilo 6 kwa shilingi 12,000 kila kilo, jumla 72,000. Pweza akichemshwa hunywea karibu nusu, kwa hiyo katika kilo 6 mbichi natarajia kupata kilo 3 hivi zilizoiva, na nikipima gramu 150 kwa sahani napata sahani 20. Hapa ndipo nilipokuwa nikijidanganya zamani: nilikuwa nikigawa kwa uzito wa mbichi, nikatangaza sahani kupita kiasi, na watu wa mwisho wakapata mchuzi wenye mikia mitatu ya pweza. Kwa sahani 20 nahitaji mchele kilo 3, kwa kuwa kilo moja hunitolea sahani saba, ambao siku hiyo ulikuwa 9,600. Nazi 10 za shilingi 1,000 kila moja zilitosha wali na mchuzi, na tui zito la kwanza nililiweka kando la kumalizia mchuzi. Tungule, vitunguu, viungo, ndimu na mchicha vilikuwa 12,000, gesi naikadiria 8,000, na vyombo vya kubebea 6,000. Jumla ni 117,600, ambayo kwa kila sahani ni 5,880.

Niliweka bei ya 7,500. Ina maana nikiuza sahani 16 nimerudisha gharama, na zile nne za mwisho ndizo zinazomlipa msaidizi wangu na kusogeza kodi ya chumba. Hesabu hii pia imenipa kanuni ndogo ninayoitumia nikiwa bado nimesimama mnadani: kila sahani inakula gramu 300 za pweza mbichi, kwa hiyo kila kilo inapopanda kwa shilingi 1,000, sahani inapanda kwa 300. Pweza akifika 15,000, sahani inanigharimu 900 zaidi, na mfanyakazi wa kawaida halipi 8,500 kwa chakula cha mchana bila ya kunung'unika. Hapo humpisha pweza, nikanunua samaki wa changu.

Hili ndilo tangazo la siku ile, isipokuwa namba ya simu ambayo nimeiondoa:

```
Assalamu alaykum. LEO JUMANNE, tarehe 14.
Wali wa nazi, mchuzi wa pweza, mchicha, ndimu.
Sahani: 7,500. Kupelekewa Vuga, Mnazi Mmoja
na Michenzani: 500 kwa sahani.
Asiyekula pweza: wali na maharage, 4,000.
Zipo sahani 18 za pweza.
Mwisho wa kuagiza saa 4:00 asubuhi.
Chakula kinatoka saa 6:00 mchana.
Andika jina, idadi na mahali, kwa namba: ...
Oda imekubaliwa ukijibiwa kwa namba ya oda.
```

Karibu kila mstari umo kwa sababu ya balaa fulani. Siku na tarehe ziko juu kwa sababu ninachokiweka kwenye hali ya WhatsApp hukaa saa 24, na aliyeamka leo saa 1:00 asubuhi anaweza kuliona tangazo la jana likiwa bado zima. Zamani nilikuwa nikiandika "leo" peke yake, na kila wiki sikukosa mtu wa kuniuliza, "Bibie, huyu pweza wa leo au wa jana?" Wasiouliza ndio waliokuwa wabaya zaidi, maana waliagiza chakula cha jana na kutuma pesa ya jana. Siku hizi naandika tarehe, na pia nalifuta tangazo kila alasiri kabla ya kufunga.

Mstari wa namba ya simu nao una kisa chake. Nilikuwa nikiandika "agiza kwa namba hii hii", na nilidhani yatosha, kwa kuwa ujumbe unatoka kwenye simu yangu. Sikujua kwamba mfanyakazi mmoja akilipenda tangazo hulituma kwenye kundi la ofisi yake, na wenzake huko hawaioni namba yangu, wanaiona yake. Maskini yule kijana akawa anapokea oda za chakula mpaka akanipigia kuuliza kama nitamlipa mshahara. Sasa namba imeandikwa kwa ukamilifu ndani ya maneno yenyewe, na picha haina maandishi, maana bei iliyoandikwa juu ya picha haiwezi kurekebishwa. Hata maneno huweza kurekebishwa kwa dakika 15 tu baada ya kutumwa. Niliwahi kuandika 5,700 badala ya 7,500 na kugundua baada ya nusu saa, nikawauzia watu sita kwa bei niliyoiandika, kwa sababu kosa lilikuwa langu na wao hawakuwa na namna ya kulijua.

Kuna jambo jingine lililonichukua muda kulielewa. Tangazo nalituma kwa orodha ya matangazo, ambayo humfikia kila mteja peke yake bila ya kumwingiza kwenye kundi lenye kelele, lakini humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yangu kwenye simu yake. Wateja kadhaa walinilaumu kwamba nimewatupa, kumbe hawakunihifadhi. Kwa hiyo mteja mpya anapoagiza mara ya kwanza, namwomba ahifadhi namba kwa jina la mkahawa.

Saa ya mwisho ya kuagiza nilibishaniwa sana, nami sikuregeza. Pweza huanza kuchemka saa 2:45, kabla sijajua oda zitakuwa ngapi, kwa sababu huchukua takriban saa nzima kulainika, na huyo siwezi kumpunguza tena. Mchele ndio ninaoweza kuupunguza, nao huoshwa saa 4:15. Siku oda zikiwa 12 tu, napika kilo mbili za mchele, na pweza anayebaki namfanya supu ya jioni. Mtu anayeagiza saa 5:00 hataki kunikomoa, ila ananiomba wali ambao haupo chunguni. Ijumaa saa zote nazirudisha nyuma kwa nusu saa, ili kijana anayepeleka chakula awahi sala.

Mstari wa mwisho, wa namba ya oda, ndio uliopunguza ugomvi kuliko yote. Zamani mtu aliandika "niwekee mbili", mimi nikiwa nakuna nazi sikuona, naye akahesabu kwamba keshawekewa. Sasa kila oda naijibu kwa namba, na sahani: "Oda 7, sahani mbili, Vuga." Asiye na namba hana chakula, na tangazo limemwambia hivyo mapema. Namba hiyo hiyo naiandika juu ya kifuniko, kijana hahitaji kuuliza majina mlangoni kwa ofisi ya watu. Sahani zikijaa, hata kama ni saa 3:20, naandika "Pweza amekwisha, maharage yapo" na kuwatumia wote, kwa sababu aliyekuwa anajiandaa kuagiza anahitaji muda wa kutafuta kwingine.

Utaona kwamba nimepika sahani 20 na kutangaza 18. Mbili zilizobaki ni za wanaokuja kwa miguu, hasa wazee wawili wa mtaani ambao hawana haja ya simu. Kwao tangazo ni ubao wa chaki karibu na mlango, wenye maneno manne au matano yaliyonakiliwa kutoka kwenye simu: siku, chakula, bei. Mmoja wao huusoma kila siku kwa sauti, kisha huingia na kuniuliza leo kuna nini.