Barua pepe ya kuomba fildi wakati wasifu wako ni mtupu

Kuna barua ya mfano inayozunguka kwenye magrupu ya wanafunzi: "Kwa heshima na taadhima… mimi ni mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo." Iacheni jamani. Afisa rasilimali watu anaipokea kila msimu wa fildi, majina tu ndiyo yanabadilika. Ni afadhali kitu kimoja ulichokifanya kweli, hata kama hukulipwa.

Mimi nasoma uhasibu na sijawahi kuajiriwa. Nilichokuwa nacho ni uweka hazina wa kwaya, kwa hiyo aya ya katikati niliiandika hivi:

"Natunza michango ya wanakwaya 42. Kila mwisho wa mwezi nalinganisha daftari la michango na taarifa ya miamala ya simu kwenye Excel. Mwezi Machi vilitofautiana kwa shilingi 18,400. Nilipopitia muamala mmoja mmoja nikakuta ni makato ya kutoa fedha ambayo hayakuwa yameandikwa."

Kazi ni ile ile anayoifanya mhasibu kwa akaunti ya benki, na msomaji anaiona bila wewe kujisifu. Waliponipigia simu, swali la kwanza lilihusu hayo makato. Ndiyo maana usitunge: ukiulizwa ulivyoyapata, utaumbuka.

Juu ya aya hiyo iwepo sentensi moja ya kozi, mwaka wa masomo na tarehe. Usiseme "wakati wa likizo". Sema "wiki nane, kuanzia 21 Julai 2025", kwa sababu ofisi inapanga nafasi kwa tarehe. Chini yake taja viambatisho na namba ya simu, basi. Isome kwenye simu yako: ikibidi kusogeza kioo mara nyingi, punguza.

Kichwa cha barua kianze na neno lenye uzito, maana kwenye simu mwisho wake hukatwa: "Maombi ya fildi: Uhasibu, 21 Julai–12 Septemba". "Habari" au pa wazi ni kujitafutia kusahaulika.

Barua ya utambulisho ya chuo usiipige picha ukaituma ilivyo. Huwa nzito na kivuli cha mkono kinaonekana. Iskani kwa programu ya simu, iwe PDF, iitwe kwa jina lako. "CV mpya final 2" inamwambia nini aliyeipakua?

Ujanja ninaoupenda: pachika viambatisho kwanza, andika barua, anwani ya mpokeaji ijaze mwisho kabisa. Hata ukibonyeza kutuma kwa bahati mbaya, haiendi popote. Na kila ofisi itumiwe barua yake; ukizirundika anwani kumi pamoja, kila mmoja anawaona wenzake tisa na kudhani watakujibu wao.

Wiki ikipita kimya, usianze barua mpya. Jibu ile ile uliyotuma, mistari miwili tu, ili ombi na viambatisho vyake vibaki kwenye mazungumzo yale yale. Mimi nilijibiwa baada ya hiyo ya pili.