Nilivyoandika insha ya ngoma ya pepo bila kumfukuza pepo kwenye sentensi

Sentensi iliyoniharibia rasimu ya kwanza ya insha yangu ya anthropolojia ilikuwa hii: "Mwanamke huyo aliamini kuwa amepandwa na pepo wa Kiarabu." Ukiisoma haraka haina kasoro. Lakini usiku wa ngoma yenyewe kilingeni, Likoni, Mombasa, hakuna aliyesema habari ya kuamini. Walisema pepo kapanda, pepo kasema, pepo kakataa. Neno "aliamini" nililitia mimi, nalo likaamua jibu kabla sijauliza swali: pepo yumo akilini mwa mtu, basi kazi iliyobaki ni kueleza akili hiyo ina nini. Nilipopekua rasimu nzima nikakuta "anaamini" na "wanaamini" mara 17. Nikazifuta zote isipokuwa mbili, na kila nilipofuta nililazimika kuandika kilichotendeka: nani alifanya nini, nani alimjibu.

Kabla ya kufungua kitabu chochote cha nadharia, nilikaa na vitenzi vyetu wenyewe. Mtu "ana pepo" ni habari ya uhusiano wa miaka, pengine aliourithi kwa bibi au shangazi. "Amepandwa" ni tukio la saa hiyo. "Amepagawa" ni hali inayoonekana kwa nje, mwili umechukuliwa. Anayepandwa anaitwa kiti, na pepo anapanda kichwani pake. Ukiyakusanya yote chini ya neno moja la "kumilikiwa" unapoteza tofauti ambazo watu wa kilingeni wanazitumia kupanga kazi yao. Aliye na pepo na asiyepandwa bado ana wajibu wa kufukiza udi. Aliyepandwa kwa mara ya kwanza hajulikani bado ana nani.

Kisa nilichokichagua ni cha dakika 40 hivi tu, tangu pepo alipopanda hadi alipoondoka. Usiku ulikuwa mrefu kuliko hapo, lakini insha ya maneno 3,000 haibebi usiku mzima. Ukijaribu utaishia kuorodhesha ngoma, nguo na moshi, na msomaji hataona hoja.

Fundi, yaani mganga anayeongoza ngoma, alimfunika kiti shuka jeupe, akaingiza chetezo chenye udi na ubani chini ya shuka, wanawake wakaitikia nyimbo. Mabega yakaanza kutikisika, kisha kichwa. Fundi akapunguza ngoma kwa mkono, akatoa salamu ya Kiislamu. Ikajibiwa kwa sauti nzito. Akauliza jina, na atokako. Hapo pakawa na kimya kirefu, kisha pepo akajitaja kuwa ni Mwarabu, akataja na jina. Ndipo mashtaka yakaanza: "Kiti changu chanidharau. Tangu Mfungo Mosi sijaona udi." Akataka pete ya fedha, marashi, na sinia ya halua na kahawa. Fundi akajibu, "Bwana mkubwa, kiti chako hana uwezo, tuhurumie." Kaka yake aliyekaa mlangoni akasema, "Dada yangu ana watoto, tupe muda." Wakapatana siku saba kwa udi na sinia, na pete mpaka mwezi ukiandama.

Nukuu hizo tatu ndizo zilizobeba insha yangu. Pepo alisema "kiti changu chanidharau", kwa upatanisho wa kitu. Fundi alisema "kiti chako hana uwezo", umiliki kwa upatanisho wa kitu, kitenzi kwa upatanisho wa mtu. Kaka hakulitaja neno kiti kabisa. Mwili mmoja, majina mawili, na kila mmoja anaongea na mwenzake kutoka mahali pake. Fundi yuko katikati: anakiri haki ya pepo juu ya kiti chake, na hapo hapo anamrudishia kiti utu wake ili amwombee. Hayo huyapati ukiwa umetafsiri maneno kwenye daftari palepale. Niliandika kila usemi kama ulivyotamkwa, pamoja na viambishi vyake. Pale nilipokosa kusikia niliacha nafasi tupu, sikujaza kwa kukisia.

Saikolojia ilinipa shida zaidi kwa sababu si ya uongo. Siku ya pili kiti alisema hakumbuki lolote. Mwanafunzi aliyesoma kidogo ataandika kwamba nafsi imetengana, ni njia ya kukabili dhiki, akafunga mjadala. Mimi niliuliza swali jingine: kutokumbuka huku kunafanya kazi gani pale ugani? Kwa kuwa kiti hakuwepo, ilibidi aambiwe. Aliyemwambia ni kaka yake na jirani mmoja, na kumwambia kwao ndiko kulikowafanya mashahidi wa ahadi na, kwa kaka, mdaiwa wa ile pete. Mwanaanthropolojia Michael Lambek, aliyefanya kazi kisiwani Mayotte na kuandika mwaka 1981, alionyesha jambo hili vizuri: pepo, kiti na msikilizaji wa tatu ni mfumo wa mawasiliano, na ujumbe haufiki bila huyo wa tatu. Kusahau, basi, hakukubaki dalili tu. Ni kanuni inayowaingiza watu wengine kwenye mkataba. Nadharia ya mtengano wa nafsi inaweza kusaidia kueleza mwili unavyofika kwenye hali ile. Haiwezi kunieleza kwa nini aliyekuja ni Mwarabu mwenye kutaka udi, wala kwa nini deni lilimwangukia kaka. Niliiandikia aya moja, nikasema wazi inajibu swali gani na linaishia wapi jibu lake.

Halafu kuna mtego wa pili, wa kusema yote ni maigizo: jukwaa, mavazi, hadhira. Mtego huu unanasa hasa wale wanaotaka kuonyesha heshima, kwa kuwa sanaa ni neno zuri. Kilichonitoa ni kuwasikiliza waliohudhuria. Wao wenyewe wana neno la kuigiza, na wanalitumia kama shutuma. Binti mmoja aliyetikisika pembeni usiku ule aliachwa bila kushughulikiwa. Nilipouliza kwa nini, nikaambiwa, "Huyo ajipandisha tu." Wakanitolea sababu: alianza kuomba vitu kabla ya kutaja jina, na alifumbua jicho moshi ulipomjia. Vilevile fundi ana neno la ugonjwa. Kabla ya ngoma alikuwa ameuliza kama kiti alipelekwa hospitali, na alisema wapo anaowarudisha huko bila hata kuwapigia ramli.

Hapo ndipo hoja ya insha iliposimama. Ugonjwa na maigizo si siri ambazo mwanaanthropolojia anazifichua nyuma ya migongo ya wenyeji. Ni majibu mawili yaliyokwisha kuwekwa mezani kilingeni, yakapimwa kwa vigezo, na kwa kisa hiki yakakataliwa. Anayeandika kwamba "kwa kweli" ilikuwa saikolojia au "kwa kweli" lilikuwa tamthilia anatangua hukumu hiyo bila kusikiliza ushahidi wake. Kwa hiyo sehemu ndefu zaidi ya insha, kama maneno 900, niliitoa kwa vigezo vyenyewe: mpangilio wa salamu, jina, asili, kisha madai, harufu inayomfaa pepo wa kabila gani, nani ana haki ya kusema huyu si pepo.

Sikuweza kulikwepa suala la madaraka pia. Mwanaanthropolojia I. M. Lewis alieleza mwaka 1971 kwamba waliosukumwa pembezoni, wanawake hasa, hupata kwa pepo vitu wasivyoweza kudai kwa kinywa chao. Linda Giles akalipinga hilo kwa pwani yetu mwaka 1987, akionyesha kwamba pepo hawa wamo katikati ya maisha ya Waswahili, hawako pembezoni. Nilimjaribu Lewis kwa kufuata vitu vilikwenda wapi. Pete ilinunuliwa na kaka, wala mume hakutoa kitu. Udi na marashi hufukizwa na kutumika kwa ajili ya pepo. Halua na kahawa viliwekwa sinia vikaliwa na waliohudhuria. Faida ya kiti mwenyewe ilikuwa ndogo, na wajibu ukamzidi. Kisa kimoja hakiuangushi mkabala mzima, na niliandika hivyo, lakini kinamzuia mtu kusema "mkakati wa wanawake" kwa mazoea.

Neno moja juu ya kuamini, kwa sababu msahihishaji atalitafuta. Kukataa kumpunguza pepo awe ugonjwa au maigizo tu hakukunilazimu kutangaza kwamba pepo wapo. Nilieleza mahali ubishi wa Mombasa ulipo. Kuwepo kwa majini si jambo linaloshindaniwa msikitini, Qurani ina sura nzima, ya 72, yenye jina lao. Kinachobishaniwa ni kama inajuzu kupatana nao, kuwapa sinia na pete, au wasomewe ruqya waondoke. Aya hiyo ilinilinda na kosa la kuwapanga watu makundi mawili, wasomi wasioamini na wenyeji wanaoamini. Kiti wangu huyo huyo alikuwa amekunywa kombe la aya zilizoandikwa kwa zafarani kwa mwalimu wa chuo kabla ya kwenda kwa fundi.

Jina lake, la fundi na la pepo sikuyaandika. La pepo watu hulisahau kulificha, ilhali mtaani jina la pepo linatosha kumtambulisha kiti.

Kabla ya kuwasilisha nilirudi kwa fundi nikamsomea zile kurasa za mapatano. Alisikiliza akichambua udi. Nilipofika kwenye "kiti akakubali kutoa pete" akaninyoshea kidole.

"Hapo si sawa, mwanangu. Kiti alikuwa wapi hata akakubali?"

"Basi niandike nani, bibi?"

"Andika aliyekubali. Kaka yake kakubali, pepo kapokea. Kiti kaambiwa asubuhi."

Nikafuta palepale kwa kalamu. Marekebisho hayo yalinirudisha kwenye aya ya mume na kaka, nikaiandika upya yote.