Maji Yanajaa Saa Ngapi

Miaka ya simu za vitufe nilikuwa karani wa mizigo ufukweni Bagamoyo, chini ya mjomba wangu aliyekuwa na mashua mbili za kwenda Unguja. Pale mashua haifungwi gatini. Maji yakipwa inakaa juu ya mchanga na wapagazi wanaifikia kwa miguu, kisha inangoja maji yaje kuinyanyua. Ufukwe ni mpana na kina ni kidogo, na hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya Wajerumani wahamishie makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Kwa hiyo karani asiyejua maji hakuwa na kazi. Nilikuwa na kitabu cha jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, ambalo kwa shughuli zetu lilitosha hata Bagamoyo, na namba yangu ya simu ilikuwa imeenea kwa watu wengi nisiowafahamu.

Jioni moja, mwezi ukiwa umeandama siku chache tu zilizopita, nikapata ujumbe wa mtu nisiyemjua. Alijitambulisha kuwa mwalimu wa sekondari. Akaandika: kesho nawaleta wanafunzi 28 Kaole, kuona viumbe vya pwani. Maji yanajaa saa ngapi?

Nikafungua kitabu. Kesho yake maji yangekuwa yamepwa kabisa saa nne na dakika ishirini asubuhi, kimo chake mita 0.4. Yangefika juu kabisa saa kumi na nusu jioni, mita 3.4. Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la mwalimu lina majibu mawili, na yote mawili yamo kitabuni. Maji yanajaa tangu saa nne na dakika ishirini, kwa maana kwamba ndipo yanapogeuka na kuanza kurudi. Na maji yanajaa saa kumi na nusu, kwa maana kwamba ndipo yanapokuwa yamejaa. Kati ya jibu moja na jingine ni saa sita na dakika kumi.

Jambo la kwanza nililofanya ni kumpigia. Swali lenye njia mbili, kama mwenyewe anapatikana, dawa yake ni kumuuliza. Simu ilikuwa imezimwa. Nikangoja baada ya isha nikapiga tena, bado. Ilibidi nijibu kwa maandishi, tena mara moja, kwa jibu ambalo huenda angelisoma asubuhi akiwa tayari kwenye gari na watoto.

Mjomba alikuwa pembeni anahesabu magunia. Nilipomweleza, hakuona tatizo. "Maji yanajaa saa kumi na nusu, mpwa wangu. Nahodha gani hajui hilo? Mwandikie ulale."

Kwa kazi yake mjomba alisema kweli. Mtu mwenye mashua iliyolala mchangani anapouliza maji yanajaa saa ngapi, anataka saa ya kuelea, na maji yanapogeuka tu hayamsaidii kitu. Nahodha angeniuliza maneno yale yale nami ningemjibu saa kumi na nusu bila kusita. Lakini mwalimu hakutaja chombo. Alitaja wanafunzi, Kaole na viumbe vya pwani. Viumbe hivyo, kaa na tondo na chaza, huonekana maji yakiwa yametoka, na watoto wangeshuka kwa miguu hadi kwenye matope ya mikoko. Mtu aliye kule chini haja yake ya kwanza ni kujua maji yanarudi lini, ili awe ameshatoka. Niliamini kabisa kwamba hilo ndilo alilokuwa analiuliza, hata kama maneno yake hayakulisema.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo lilinitia hofu. Tuseme nimekosea kumwelewa na nimempa saa nne na dakika ishirini wakati alitaka saa kumi na nusu. Hasara yake ni kuondoka mapema. Tuseme sasa kinyume chake: anataka kujua maji yanageuka lini, nami nampa saa kumi na nusu. Siku ile maji yalikuwa ya bamvua, tofauti ya kupwa na kujaa mita tatu nzima. Manahodha hukadiria kwa mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, ya pili mafungu mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, kisha hupungua tena mawili na moja. Kwa mita tatu, saa ya kwanza ni robo mita, ya pili nusu mita, ya tatu robo tatu. Anayeangalia saa ya kwanza peke yake hudhani bahari ina uvivu. Kumbe kufikia saa nane mchana, kwa hesabu hiyo, maji yangekuwa yamepanda kiasi cha mita mbili juu ya pale yalipokuwa asubuhi. Na kwenye mikoko hayaji kwa mbele tu. Hupita kwenye vijito na kujaa nyuma yako huku wewe umeinamia kaa.

Nikaandika. Ujumbe mmoja ulibeba herufi 160, na ukizidi ulikatwa vipande, cha pili kikachelewa au kisifike kabisa. Kwa hiyo jibu lililoelekea kuwa ndilo, pamoja na jinsi nilivyolielewa swali, vilipaswa kukaa pamoja kwenye kipande cha kwanza:

"Mwalimu, nachukulia unauliza maji yataanza kurudi saa ngapi, maana mtakuwa chini mikokoni. Ni saa nne na dakika 20 asubuhi. Mtoke kabla ya saa tano."

Kisha cha pili: "Kama ulikusudia yatajaa kabisa saa ngapi, ni saa kumi na nusu jioni."

Sikuandika 10:20 kama kitabu kilivyoandika. Anayeisoma haraka angeona kumi, na kumi ndiyo ilikuwa saa ya jibu lile jingine.

Saa kumi na mbili asubuhi mwalimu akanipigia, sauti yake ya haraka. Kumbe alikuwa ameuliza watu wawili. Mwenzangu mmoja wa ufukweni alikuwa amemjibu kwa maneno matatu: saa kumi jioni. Kwa jibu hilo alipanga kufika Kaole saa tano, wale chakula, washuke mikokoni saa saba na kutoka saa tisa. Aliposoma langu alidhani mmoja wetu ameshika kitabu cha mwaka mwingine, mpaka alipofika kwenye kipande cha pili akaona saa kumi ipo na kwangu pia. Wote wawili tulikuwa tumemwambia kweli, ila mwenzangu hakumwambia ni kweli ya swali lipi.

"Nilikuwa nataka ya kurudi," akasema. "Niwashushe saa ngapi basi?"

Nikamwambia saa mbili na nusu, wayafuate maji yanavyotoka, waanze kupanda saa nne na nusu. Aliyabadili yote kwa simu akiwa stendi, na saa tano kasoro walikuwa juu kwenye magofu wanakula.

Wiki ile ile akaniandikia tena, akitaka kuleta darasa jingine Jumamosi inayofuata: "Maji yanaanza kurudi saa ngapi, na yanajaa kabisa saa ngapi?" Nikamjibu kwamba siku hiyo ni maji mafu, yatapwa kidogo tu, tena karibu na saa kumi jioni, na mikokoni hawataona la maana. Asubiri mwezi mpevu.